Duka linasema bati 57, fundi anasema 96: tusome mchoro wa paa pamoja

*"Habari kaka. Nipo Mafinga, najenga nyumba ya vyumba vitatu, kenchi fundi anaanza kupandisha wiki ijayo. Nimekutumia picha ya mchoro wa paa aliouchora fundi kwenye daftari, vipimo kaandika humo humo. Nataka bati za migongo midogo geji 30. Dukani wamepiga hesabu wakasema bati 57 za mita 3 zinatosha, fundi anasema 96. Tofauti ni kubwa mno nimebaki njia panda, nani yuko sahihi na hiyo hesabu inapigwaje?"*

Salama dada. Kwa mchoro huu unahitaji bati 86, mimi ningenunua 88. Wa duka kakupunja vibaya, fundi naye kaongeza lakini yupo karibu na ukweli kuliko wa duka, na ukinunua zile 57 utasimama kazi ikiwa nusu, alafu ukirudi dukani mzigo wa mwanzo umeisha, unapewa bati za mzigo mwingine ambazo rangi na migongo haviendani na zile zilizopo juu.

Nianze na picha yenyewe maana hapo ndo wengi wanapotelea. Picha ya simu usiipime kwa rula hata siku moja. Daftari limepigwa kwa pembeni, upande wa karibu na simu unaonekana mrefu kuliko wa mbali, kwahiyo mchoro hata kama fundi aliuchora kwa kipimo ukishapita kwenye kamera kipimo kimekufa. Kinachosomwa ni namba tu zilizoandikwa, na namba zenyewe unazihakiki kwa kuzijumlisha. Mbele ya nyumba kaandika 4.50, 3.60, 4.50, na juu yake kaandika 12.60. Jumlisha, inakuja 12.60, safi. Ubavuni kuna 4.20 na 4.20, jumla kaandika namba ambayo kwenye picha yako inasomeka kama 3.40 kwasababu kivuli cha mkono wako kimeangukia pale, lakini mbili za 4.20 zinatoa 8.40, kwahiyo ni 8.40. Baraza limetoka mbele 1.80, hiyo haina namba ya kuihakiki nayo na wino umefifia, inaweza kuwa 1.30, naomba ukaipime kwenye msingi. Katikati kuna mshale wa kwenda juu umeandikwa 2.10, hicho ni kimo cha kenchi kutoka juu ya ukuta mpaka kileleni. Alafu pembeni kabisa kuna "60" imesimama peke yake bila mita wala nini, hiyo ni sentimita 60, bati linavyotoka nje ya ukuta pande zote.

Hiyo 60 muulize fundi swali moja: vipimo vya 12.60 na 8.40 ni vya ukuta au tayari kaijumlisha humo? Kwenye mchoro wako mistari ya vipimo inaanzia kwenye ukuta, kwahiyo nimechukua kwamba 60 inaongezwa juu yake. Kama ilishaingia humo, bati zinapungua na hesabu yote hapa chini inabadilika.

Sasa tuone wa duka alizitoa wapi 57. Kachukua urefu 12.60 akaongeza 60 mbili, 13.80. Kachukua upana 8.40 akaongeza 60 mbili, 9.60. Akazidisha akapata mita za mraba 132 na nusu, akaweka na za baraza karibu 9, jumla 141. Bati moja mita 3 kwa sentimita 83 ni mita za mraba 2.49. Gawanya, unapata 56.7, akasema 57. Hesabu imepigwa sawa kabisa ila ni ya nyumba iliyofunikwa kama meza, bati zimelala bapa zimepangwa kando kwa kando bila moja kupanda juu ya nyingine. Paa lako lina mteremko na bati lazima zipandiane, na hivyo viwili ndo vinakula bati karibu 30.

Tuanze na mteremko. Kenchi inapanda 2.10 ndani ya 4.20, yaani kila mita moja unayokwenda kuelekea katikati unapanda nusu mita. Lakini bati haliishii ukutani, linashuka mpaka kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, sentimita 60 nje, kwahiyo safari ya bapa sio 4.20 ni 4.80, na kwa mteremko ule ule kushuka kwake sio 2.10 ni 2.40. Wengi wanachukua 4.80 na 2.10, inakuja fupi kidogo. Chukua kikokotoo cha simu: 4.80 mara 4.80 ni 23.04, 2.40 mara 2.40 ni 5.76, jumla 28.80, tafuta kipeuo chake cha pili unapata 5.37. Kama mahesabu hayapandi, chora kona ya mraba sakafuni, pima 4.80 huku na 2.40 kule, vuta tepu kutoka ncha hadi ncha, itasoma hiyo hiyo 5.37. Ongeza sentimita 5 za bati kupita fishabodi ili maji yadondoke kwenye gata na sio nyuma ya ubao. Urefu wa bati unaotakiwa kutoka kileleni hadi chini ni mita 5.42.

Bati la mita 3 moja halifiki, mbili zinafika. Zikipandiana sentimita 20 pale kati zinakupa 5.80, wewe unataka 5.42, inabaki 38. Hiyo 38 usiikate kwanza, mwambie fundi aongeze kupandiana, kwa mvua na ukungu wa Mufindi haidhuru hata kidogo. Cha muhimu pale zinapopandiana chini yake kuwe na papi, ule ubao wa kulala unaopigiliwa bati, na ndo maana hesabu ya bati inatakiwa ijulikane kabla papi hazijapigwa, sio baada. Ukigonga msumari kwenye maungio ambayo chini ni hewa, bati linabonyea, maji yanapata njia, na uvujaji wa hivyo kuupata ulipo ni kazi kwelikweli maana unaona doa kwenye dari mita mbili mbali na tundu lenyewe.

Kwahiyo kila mstari wa bati kutoka kilele hadi chini ni bati mbili. Tunabaki kuhesabu mistari.

Hapa ndo kuna siri ya kupandiana kwa ubavuni. Bati la migongo midogo ninalolifanyia hesabu lina upana wa sentimita 83, mgongo hadi mgongo ni sentimita 7 na nusu hivi. Ukilaza bati juu ya mwenzake kwa mgongo mmoja, kila bati jipya linakupa sentimita 76. Ukilaza kwa migongo miwili, linakupa 68 na nusu. Usinishike kwa namba zangu, nenda dukani omba wakulazie bati mbili chini, pandisha moja juu ya nyingine kwa migongo miwili, pima kutoka ukingo wa kushoto wa la kwanza hadi ukingo wa kushoto wa la pili. Hicho ulichopima ndo upana wa kweli unaoununua, kile cha kwenye lebo ni upana wa bati likiwa peke yake. Na ukiwa pale pale pima na urefu, kuna bati zinauzwa kwa jina la mita 3 na tepu inasema vingine.

Kwa nyanda za juu kusini huku mimi nasema migongo miwili. Tukuyu kule mvua inapita milimita 2000 kwa mwaka, huko hata sijadili na mteja. Mafinga ni kidogo kuliko Tukuyu lakini kuna upepo, na upepo ndo unaosukuma maji kupanda mgongo mmoja na kuingia chini ya bati, mgongo wa pili ndo unayakamata. Alafu fundi aanze kupanga kutoka ncha ya nyumba ambako upepo unaelekea, aje akimalizia upande upepo unakotokea, hivyo mdomo wa kila ungio unakuwa umeupa upepo mgongo. Hiyo haikuongezei bati hata moja.

Sasa hesabu: bati la kwanza linafunika 83 nzima, linalofuata na mengine yote 68 na nusu kila moja. Kutoka 13.80 toa 0.83 inabaki 12.97, gawa kwa 0.685 unapata 18.9, yaani 19, ongeza lile la kwanza, mistari 20. Hakiki kwa kurudi nyuma: 19 mara 0.685 ni 13.02, ongeza 0.83, 13.85. Unahitaji 13.80, imezidi sentimita 5. Imekaa vizuri sana, kama aliyechora alijua bati atakalotumia.

Kwa mgongo mmoja ungepata nini? Mistari 18 inafunika 13.75, umepungukiwa sentimita 5, inabidi mstari wa 19 kwa ajili ya hizo 5 tu. Kwahiyo kwa kubana mgongo mmoja ungeokoa mstari mmoja kila upande wa paa, bati 4 nyumba nzima. Mi naona sio akiba ya kuhatarisha dari lako.

Paa kubwa basi ni mistari 20, mara bati 2, mara pande 2. Bati 80. Hapa mimi na fundi wako tunakubaliana kabisa.

Tunaachana kwenye baraza. Baraza upana 3.60, na 60 kila upande inakuwa 4.80, nusu yake 2.40. Kwa mteremko ule ule urefu wa bati ni 2.68, na tano za gata 2.73, bati moja la mita 3 linatosha. Kilele cha baraza kinaanzia mbele kabisa kinaingia ndani ya paa kubwa mpaka kinapoligusa: 1.80 ya nje, na 2.40 ya kuingia ndani, jumla 4.20. Fundi kahesabu mistari inayojaza 4.20, akapata 6 kila upande, 12 kwa pande mbili, 80 na 12 ni 92, akaweka 4 za akiba, 96. Kahesabu kama vile paa kubwa halijakatwa kitu.

Lakini limekatwa. Pale baraza linapoingia, paa kubwa la mbele linapoteza pembetatu ya upana wa 4.80, na bati za mstari wa chini karibu saba zinakatwa kwa mshazari kufuata vali, yaani ule mfereji paa la baraza linapokutana na paa kubwa. Vile vipande vinavyodondoka chini ndivyo vinavyotakiwa kwenye baraza, maana mteremko ni mmoja na mshazari ni ule ule. Ila kuna namna ya kuviweka: kipande kilichotoka kwenye vali ya kushoto hakikai upande wa kushoto wa baraza, mshazari utakuwa umegeukia kinyume. Kizungushe, ncha ya chini iwe juu, bila kukipindua mgongo, kipeleke upande wa kulia wa baraza kitalala vizuri. Cha kulia nacho kinaenda kushoto. Kipande kirefu, kile cha karibu na ncha ya vali, kinakwenda mbele pale vali inapoanzia, na kifupi kinakwenda nyuma. Fundi akijaribu kukiweka upande ule ule kilikotoka atakiona hakikai, atakitupa kwenye vyuma chakavu na kukata bati zima, na hiyo naiona kila msimu. Mwambie avipange chini kwanza kabla ya kupanda navyo, aangalie na migongo ya pembeni inapandiana, kwasababu kuna bati ukingo wake mmoja unaishia juu na mwingine chini.

Kwahiyo kwenye baraza bati nzima mpya ni mistari mitatu ya mbele kila upande, bati 6. Ile mingine mitatu kila upande inatoka kwenye vipande. Jumla 86, mbili za kufidia kipande kitakachoharibika, 88.

Ukitaka kuona zile bati 57 zilikopotelea: ukiweka mteremko peke yake 57 inakuwa 64. Ukiweka kupandiana ubavuni inakuwa 77. Kupandiana kwa pale kati na mabaki ya kila mstari inakuwa 86. Kwahiyo mtu akikutajia idadi ya bati, muulize kaweka mteremko gani na migongo mingapi. Asipojibu hivyo viwili kagawanya eneo tu.

Kuna kitu kimoja cha kukuhadharisha kabla kenchi hazijapanda. Siku hizi watu wanapenda paa lililosimama, fundi anaweza kukushawishi apandishe kimo kutoka 2.10 kwenda 3.00 ili nyumba ionekane. Piga hesabu kabla ya kukubali: kwa 3.00 urefu wa bati unatoka 5.42 unakwenda 5.95, na bati mbili za mita 3 zina 6.00, zinabaki sentimita 5 za kupandiana ambazo hazifai. Hapo unalazimika kuunga kipande cha tatu kila mstari, ungio la pili, papi nyingine, na paa linaonekana limeshonwa viraka. Kwa mchoro wako wa sasa una nafasi ya kupandisha mpaka kama 2.70 hivi bila kuongeza mstari wa tatu. Ukitaka zaidi ya hapo acha bati za dukani, agiza kiwandani zikatwe urefu mmoja kutoka kilele hadi chini, hazina ungio la kati kabisa, ila uwe na uhakika gari la kuzileta lina bodi ndefu na barabara ya kwako inaingilika, maana bati refu la geji 30 likikunjika njiani halinyooki.

Alafu hata kama mchoro umekubali, usitoe hela ya bati siku kenchi hazijasimama. Mbao zenu za Mafinga nyingi zinatoka msumenoni zikiwa bado na maji, kenchi ikikauka inacheza. Kenchi zikishasimama na papi ya juu na ya chini zimepigwa, panda na tepu, pima kutoka kilele hadi fishabodi mara tatu: ncha hii, katikati, ncha ile. Mchoro unasema 5.37. Ukipata tofauti ya sentimita mbili tatu ni kawaida, zile 38 zinazobaki zinameza. Ukipata tofauti ya kiganja, kuna kenchi haijakaa, arekebishe kabla ya bati. Pima na mshazari wa kila upande wa paa, kona ya chini kushoto hadi ncha ya juu kulia, na ile nyingine, zote zinatakiwa zisome karibu 14.81. Zikipishana sana paa limepinda, na bati ukizianza zikiwa wima kwenye ncha moja zitafika ncha ya pili zimekatika mshazari, ukingo utaonekana umeliwa na ile ziada ya sentimita 5 haitatosha.

Kofia, zile za kufunika kilele, ni mita 13.80 za paa kubwa na 4.20 za baraza. Ukipata za mita 2 na zikapandiana 15, unahitaji 8 na 3, kumi na moja. Vali ni mbili, kila moja mita 3.60 na ongeza kidogo ya kuingia kwenye gata, na hizi usikubali zitengenezwe kwa bati la migongo lililopondwa likawa bapa, nunua shiti bapa la geji nzito kuliko ya bati, 28 kwa kwako, kwasababu maji ya karibu theluthi moja ya paa lako la mbele yanapita humo. Bati za pande mbili ziishie sentimita tano sita kabla ya katikati ya vali, majani ya miti yapite, zikibanana yatajikusanya na maji yatapanda chini ya bati.

Nitumie picha nyingine ya ile 1.80 ukishapima msingi, daftari liweke mezani na simu uishike juu yake moja kwa moja. Ikija 1.30 bati za baraza zinapungua mbili tu, na kofia za baraza zinakuwa 2 badala ya 3.